Mguu Uliopona Kanisani

Mguu wangu ulivunjika siku ya kazi, baada ya saa za kazi, na mahali pa kipumbavu kabisa. Nilikuwa nashuka matuta ya shamba langu huko Mbooni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, nikakanyaga ukingo uliokuwa umelowa, nikateleza hadi tuta la chini. Majani yalifika salama. Mimi nilibaki chali nikiutazama mguu wa kulia, na nilipoona umeelekea upande ambao miguu haielekei nikajua hii si ya kukandwa kwa maji ya chumvi.

Hii ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa cha chama chetu cha ushirika. Wakulima walileta kahawa mbivu, mimi nikaipima, nikasoma mizani kwa sauti ili kila mtu asikie, nikamwandikia mkulima kilo zake. Kazi yenyewe si ngumu kichwani, ni ngumu miguuni. Karani wa mizani husimama tangu magunia yanapoanza kufika mpaka ya mwisho yanapomwagwa, juu ya sakafu ya simiti isiyokauka, yenye maganda ya kahawa yanayoteleza kama kamasi. Tena ni kazi ya kuaminiwa. Mkulima akishakuwa na wasiwasi na karani, hata mizani iwe mpya kutoka dukani, atasema imeharibika.

Hospitali ya serikali walinipiga picha, wakaunyoosha mfupa, wakanifunga plasta kutoka vidoleni hadi juu ya goti. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Aliniandikia karatasi ya kumpa mwajiri: mfupa wa muundi umevunjika, apumzike wiki sita, arudi kuangaliwa kabla hazijaisha. Meneja wa chama aliipokea, akaitia kwenye faili, akamweka kijana mmoja kushika mizani kwa muda. Kijana huyo alikuwa mkwe wa mwenyekiti. Nasema hivyo tu ili ijulikane. Sikuwa na ubaya naye, ila sikulala vizuri.

Hapa lazima nieleze jambo la kanisa letu, kwa sababu bila hilo kisa hiki hakina kichwa wala miguu, na miguu ndiyo hasa tunayoizungumzia.

Kwetu mtu akiugua, akikosa ibada, siku ya kwanza atakayoonekana tena kanisani ataitwa asimame atoe shukrani. Ni desturi nzuri. Watu wamekuja kwako na unga, wamekuombea, wamekuchotea maji. Wana haki ya kusikia mwisho wake. Tatizo ni kwamba mwisho unaoruhusiwa ni mmoja tu. Hakuna anayesimama mbele ya madhabahu akasema, "Nashukuru, naendelea vizuri kidogo, maumivu yamepungua hasa asubuhi." Hayo ni maneno ya dispensari. Kanisani mtu amepona au hajaja.

Mimi nilikuja. Ilikuwa Jumapili, siku chache kabla ya kurudi kwa daktari, na nilikuwa nimechoka na kitanda, nimechoka na dari, nimechoka hata na mke wangu ambaye hakuwa amefanya kosa lolote isipokuwa kunitazama kila nilipotaka kusimama. Nilienda kwa magongo mawili, polepole, na plasta yangu ikiwa imechafuka udongo mwekundu. Nikaketi nyuma. Wakaniita mbele.

Nilikusudia kusema maneno machache. Nilianza vizuri: nikawashukuru akina mama, nikamshukuru Mungu kwa daktari. Wakaitikia amina ya kawaida, ya adabu. Halafu nikasema Mungu ameushika mguu wangu. Amina ikapanda. Nani amewahi kupewa amina kubwa akaamua kushuka? Nikasema maumivu yamekwisha. Mama mmoja akapiga kigelegele. Basi nikasema, "Nimepona," na kwa kuwa kanisa zima lilikuwa limesimama nikaona ni aibu mimi peke yangu kuegemea miti, nikainua gongo moja juu na kupiga hatua mbili kwa mguu wa plasta.

Watu walilia kwa furaha. Mimi pia nililia, lakini kwa sababu nyingine. Plasta ilikuwa inaonekana na kila mtu, nyeupe pale ambapo haikuwa nyekundu kwa udongo, na hakuna aliyeona ajabu kwamba mtu aliyepona bado amefungwa mguu mzima. Aliyeshangilia kuliko wote alikuwa mzee wa kanisa aliyeketi kiti cha mbele, naye ndiye aliyekuwa meneja wetu wa chama.

Alhamisi nikawa hospitalini. Daktari aliiondoa plasta, akanipeleka tena kwenye picha, akaishikilia picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Umekuwa ukiukanyaga?" akaniuliza.

"Kidogo tu, daktari."

"Wapi?"

Nikamwambia kanisani. Hakucheka, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Alinionyesha mfupa: pale ulipovunjika palikuwa na mstari mweusi, na pembeni ukungu mweupe ambao alisema ndio mfupa mpya unaanza. Unaanza tu. Alisema hatua zangu mbili hazikuuharibu, ila mifupa mingine huunga kwa haraka na mingine huchelewa, na wangu ni wa kuchelewa. Zile wiki sita za kwanza zilikuwa makadirio yake, si ahadi. Akanifunga plasta mpya na kuniandikia karatasi nyingine: mfupa haujaunga, aongezewe wiki sita, asiukanyage mguu kabisa, arudi kwa picha nyingine.

"Mpelekee mwajiri kabla ile ya kwanza haijaisha," alisema. "Ikipita siku moja bila karatasi, wewe si mgonjwa tena, wewe ni mtoro."

Ile ya kwanza ilikuwa inaisha Jumamosi. Ijumaa asubuhi nikapanda magongo yangu hadi ofisi ya chama, pale Kikima, nikiwa na karatasi ya daktari na barua yangu ya kuomba niongezewe ruhusa. Niliiandika barua kwa heshima zote, kuanzia "Kwa unyenyekevu" hadi "Wako mtiifu." Nilijua kwamba kwa kanuni za chama muda wa nyongeza ungekuwa wa nusu mshahara, na nilikuwa nimekwisha kukubaliana na jambo hilo moyoni. Sikujua kwamba hapo sipo palipo na shida.

Meneja alikuwa mtu mnene, msafi, wa tai kila siku hata wakati wa joto, na mwenye mwendo wa taratibu ambao tulidhani ni wa cheo. Aliisoma karatasi ya daktari mara mbili. Akaiweka juu ya meza akaigeuza uso chini.

"Ndugu," akasema, "hii ni nini?"

"Ni ya daktari, bwana meneja. Mfupa umechelewa kuunga."

"Jumapili ulisema umepona."

Nikasema ndiyo, nilisema hivyo, lakini ilikuwa ni kwa imani.

"Kwa imani," akarudia. "Na hii karatasi ni kwa nini?"

Akaendelea kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa unaniumiza. Alisema kamati ya chama ni watu wa kanisa letu karibu wote. Walinisikia kwa masikio yao. Kesho kutwa akiwapelekea barua ya kusema mfupa haujaunga, watauliza swali moja tu: karani huyu alimdanganya Mungu, au anatudanganya sisi? "Na ujue wewe si mtu wa kufagia," alisema. "Wewe ni mtu wa mizani. Unasoma kilo, mkulima anakuamini. Mkulima akisikia karani amesema amepona na hajapona, atasema hata gunia lake lilikuwa zito zaidi."

Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa sababu alikuwa na hoja. Nikamwambia mguu si gunia. Nikamwambia daktari ameuona mfupa wenyewe kwenye picha.

"Basi njoo kazi nyepesi. Tutakupa stuli. Utaketi, utasoma mizani, kijana atakuinulia."

Hilo nalo nilikuwa nimelitarajia, na daktari alikuwa amelijibu kabla sijauliza. Mguu ukining'inia kwenye stuli kutwa nzima utavimba ndani ya plasta. Gongo kwenye sakafu ya maganda ya kahawa halishiki. Nikianguka tena mara moja pale, mfupa utaachana, na hapo tutakuwa hatuzungumzi wiki bali kisu. Nilimweleza yote hayo. Alisikiliza. Halafu akasema neno ambalo wakati huo lilinichoma kuliko yote.

"Mimi mwenyewe nilisimama pale pale nikashuhudia. Nilikuwa na ugonjwa wa sukari, unajua. Mungu akaniponya kwenye mkutano wa injili hapa Kikima, nikamwaga vidonge vyangu chooni. Tangu siku hiyo sijawahi kuomba ofu ya ugonjwa hata siku moja. Ushuhuda, ndugu, mtu hukaa ndani yake."

Akanirudishia karatasi zote mbili. Hakusema nimefutwa, kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mabaya. Alisema tu, "Jumatatu tunakutarajia kwenye mizani," akanifungulia mlango mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira za kutosha kuichemsha sufuria. Nilimweleza mke wangu. Nilimwambia nina mambo mawili: nirudi Jumatatu nivunjike upya, au nibaki kitandani niitwe mtoro na mkwe wa mwenyekiti apewe mizani kwa barua. Nikasema pia maneno mengine kuhusu meneja, kanisa na kahawa ambayo siyaandiki.

Mke wangu alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho.

"Ushuhuda huwezi kuurudisha," akasema. "Ukisimama useme ulikosea, utaitwa mtu wa kurudi nyuma. Lakini ombi unaweza kupeleka. Nani amekukataza ombi?"

Nikamuuliza tofauti ni nini, mguu si ni ule ule. Aliniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyeshindwa kufungua kibiriti.

"Aliyeshuhudia anasema Mungu amefanya nini. Anayeomba anasema bado anataka afanyiwe nini. Watu wanafanya yote mawili kila Jumapili, na hakuna anayewauliza hesabu. Jumapili hii ni zamu ya akina mama kuongoza ibada. Tunachagua sisi nani ataomba."

Jumamosi alasiri wakaja akina mama wenzake, na unga na sukari na nyimbo mbili. Mimi nilikuwa nimelala chumba cha pili nikijifanya sina masikio. Mke wangu hakuwaficha kitu. Aliwaambia wazi kwamba mfupa haujaunga, kwamba meneja amezuiliwa na ushuhuda wangu, na kwamba kazi iko mbioni kutoka mikononi mwetu. Kisha mama mkubwa wao, kiongozi wa kundi na mkulima ambaye nilimpimia kahawa miaka mingi na ambaye aliwahi kunigombeza kwa nusu kilo mbele ya watu wote, akasema, "Huyo kijana wa mwenyekiti anasoma mizani kwa kunong'ona. Mimi nataka anayesoma kwa sauti." Nadhani hapo ndipo mambo yalipoamuliwa, ingawa waliomba kwa muda mrefu kabla ya kuondoka.

Jumapili nikaenda tena na magongo, na safari hii yote mawili yalikaa chini. Ulipofika wakati wa maombi ya wagonjwa, mama mkubwa akasimama akatangaza majina: mtoto wa homa, nyanya anayeumwa macho, halafu akanitaja mimi, "ambaye Bwana ameanza kazi kwenye mguu wake na tunaomba aimalize." Ameanza kazi. Sijawahi kusikia sentensi iliyopangwa vizuri zaidi, wala kwenye barua za serikali. Halafu akasema ombi la mguu litaongozwa na mzee wetu, na akamtaja meneja.

Meneja alisimama. Nilimwona kutoka nyuma. Alichukua muda kusimama, akashika mgongo wa benchi la mbele yake. Alianza na mvua, kama ilivyo kawaida. Akaombea viongozi wa taifa, shule zetu, bei ya kahawa. Alizunguka mbali sana na nilianza kuona atarudi kukaa bila kunifikia. Lakini watu mia kadhaa walikuwa wamefumba macho wakingoja mguu, na mtu hawezi kuongoza ombi la mguu bila mguu. Halafu sauti yake ikabadilika, ikashuka, ikawa kama ya mtu anayeongea peke yake.

"Bwana, kuna miguu ambayo haijapona," akasema. "Unaijua. Wenyewe tumesema imepona, na wewe unaijua. Ipe muda, Bwana. Usitazame tulivyosema. Ipe muda wake."

Kanisa likasema amina. Wajumbe watatu wa kamati walikuwa benchi la pili, na nilizisikia amina zao moja moja. Nilikuwa na furaha mbaya kidogo, ya mtu aliyeshinda kesi. Nilijisemea kwamba sasa amenipa ruhusa mbele ya Mungu na kamati, na ya tatu ni saini tu. Sikufikiri kwa nini alisema miguu, wakati mguu uliokuwa unaombewa ni mmoja.

Jumatatu nikawa wa kwanza mlangoni pa ofisi, kabla mizani haijafunguliwa, karatasi mkononi. Meneja alikuwa ndani tayari. Aliichukua barua yangu, akaisoma kana kwamba ni mpya, akachukua kalamu na kuandika pembeni: imekubaliwa, wiki sita, nusu mshahara, arudi na ripoti ya daktari. Akapiga mhuri. Akaambatanisha karatasi ya daktari kwa pini na kuitia kwenye faili langu. Kazi yote haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Nilimshukuru kwa maneno makavu, nikashika magongo yangu niondoke. Bado nilikuwa na kinyongo naye.

"Keti kidogo," akasema. "Funga mlango."

Nikaufunga kwa gongo, nikaketi. Yeye akavuta kiti nyuma, akainama kwa shida, akaanza kufungua kamba za kiatu cha kushoto. Nilidhani kuna kijiwe. Akakivua. Alikuwa amejifunga kitambaa cha shuka kuzunguka vidole, na kabla hajakifungua harufu ilikuwa imekwisha kunieleza. Chini ya kidole kikubwa palikuwa na kidonda kilichochimba, pembeni nyama imegeuka rangi. Alisema kilianza wakati wa kupanda mahindi, na sasa tulikuwa tunavuna. Alisema hakiumi, na kwamba kutouma kwake ndiko kunakomtisha.

"Nyumbani wanajua?" nikamuuliza.

"Watajua nini? Nilishuhudia."

Hasira yangu yote ya siku tatu ilinitoka pale, na sikuwa na kitu cha kuweka mahali pake. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akitembea taratibu miezi yote hiyo, na sisi makarani tukimwigiza nyuma ya ghala, kidevu juu, mkono mfukoni. Nikamwambia aende leo. Akasema leo kuna malipo ya wakulima. Nikamwambia kesho basi. Akatazama faili langu pale mezani, lenye mhuri ambao wino wake ulikuwa haujakauka.

"Yule daktari wako," akaniuliza, "huwa anaandikia hata mtu aliyekwisha kupona?"

Nilimwambia anaandika. Kisha nikaweka magongo chini na kumsubiri afunge kile kitambaa na kuvaa kiatu, kazi iliyomchukua muda mrefu.